Mauzo Yameshuka, VRN Haijashuka: Kufutiwa VAT kwa Tarehe ya Nyuma

Kila mwaka, wenye maduka wanapohuisha leseni za biashara, ofisini kwetu hapa Mbeya huingia watu wa aina moja. Mtu anakwenda kuomba cheti cha uthibitisho wa kulipa kodi ili apewe leseni, anaambiwa ana ritani za VAT ambazo hazijawasilishwa, na juu yake kuna adhabu ya mamilioni. Anashangaa kweli, wala haigizi. Kichwani mwake alishatoka kwenye VAT siku nyingi.

"Mwanangu, mimi si nilishuka chini ya milioni mia? Basi nimetoka."

Ukishamwamkia na kumpa kiti, unamweleza kwamba kushuka ni jambo moja na kutoka ni jambo jingine. Swali linalofuata ni lilelile kila mara: je, hatuwezi kuomba tufutiwe usajili kuanzia siku ile ile mauzo yaliposhuka, ili hizi adhabu zikose mahali pa kusimama? Jibu la wengi ni "omba tu, ukikataliwa umepoteza nini". Mimi siafiki. Kuna watu ambao ombi hilo likikubaliwa ndipo wanapoumia zaidi, na makala hii ni ya kuonyesha kwa hesabu jinsi hilo linavyotokea.

Kiwango cha mauzo na usajili

Sheria ya Kodi ya Ongezeko la Thamani tunayoitumia ni ya mwaka 2014, iliyoanza kazi Julai 2015. Kiwango cha mauzo kinachomlazimu mtu kusajiliwa kilikuwa shilingi milioni 100 kwa miezi 12, na tangu Julai 2023 ni milioni 200. Kipo pia kipimo cha pili ambacho wengi hawakijui: mauzo ya miezi sita iliyopita yakifika nusu ya kiwango hicho, unatakiwa kusajiliwa hata kama mwaka mzima haujakamilika. Kwa hiyo kabla hujasema umeshuka, pima mara mbili. Pima mwaka, kisha pima miezi sita iliyokuwa minono kuliko yote.

Kinachopimwa ni mauzo yanayotozwa kodi, bila VAT yenyewe. Mauzo ya bidhaa zilizosamehewa hayaingii kwenye hesabu, na huku kwetu nyanda za juu kusini hapo ndipo watu wanapotea njia, kwa sababu duka moja huuza saruji na mbolea juu ya kaunta ileile. Saruji inatozwa, lakini mbolea mwaka 2020 na 2021, miaka ninayoipima kwenye mfano wangu, ilikuwa imesamehewa. Ripoti ya Z, inayotolewa na mashine ya risiti ya EFD, inakupa jumla ya vyote, na mwenye duka huisoma jumla.

Ukishagundua kwamba kweli umeshuka, sheria inakupa njia ya kuomba usajili ufutwe. Usajili haufi wenyewe. VRN yako, yaani namba yako ya usajili wa VAT, inaendelea kuishi mpaka Kamishna Mkuu atakapoifuta kwa notisi ya maandishi, na tarehe ya kufutwa ni ile iliyoandikwa kwenye notisi hiyo. Siku mauzo yalipopungua, siku ulipoandika barua na siku afisa alipokwambia "tumeipokea" hazibadilishi kitu. Katikati hapo wewe ni msajiliwa kamili: unatoza VAT, na kufikia tarehe 20 ya kila mwezi unawasilisha ritani ya mwezi uliotangulia, iwe ina kitu au ni sifuri.

Niongeze jambo moja na kulipita. Wanasheria, wahasibu na watoa huduma wengine wa kitaaluma husajiliwa bila kujali mauzo. Wakili wa Iringa ambaye wateja wamemkimbia hawezi kusema ameshuka chini ya kiwango, maana kwake kiwango hakikuwepo tangu mwanzo.

Adhabu inavyopanda ngazi

Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 ndiyo inayoweka adhabu ya kutowasilisha ritani. Kwa kila mwezi, au sehemu ya mwezi, ambao kosa linaendelea, unadaiwa kiasi kilicho kikubwa kati ya viwili: asilimia 2.5 ya kodi ya kipindi hicho ambayo haijalipwa, au kiwango cha chini. Kiwango cha chini kinahesabiwa kwa alama, tano kwa mtu binafsi na kumi na tano kwa kampuni. Sheria ilipotungwa alama moja ilikuwa shilingi 15,000, kwa hiyo mtu binafsi alidaiwa 75,000 na kampuni 225,000. Nitatumia thamani hiyo kwenye mfano. Ukipiga hesabu yako mwenyewe, tumia thamani ya alama ya wakati wako.

Maneno ya kusoma polepole ni "kila mwezi ambao kosa linaendelea". Watu husoma kwamba ritani moja iliyokosekana ni 75,000, kwa hiyo ritani kumi na tatu ni 975,000, wanashusha pumzi. Sivyo. Ritani ya mwezi wa kwanza usipoipeleka, inaendelea kukosekana mwezi wa pili, wa tatu, wa nne, na kila mwezi inaongeza 75,000 yake. Ritani ya mwezi wa pili nayo inaanza safari yake nyuma ya ile ya kwanza. Deni linapanda kama ngazi, na kila kidato ni kirefu kuliko kilichotangulia.

Ona pia kwamba kiwango cha chini hakijali kama ulikuwa na kodi ya kulipa. Duka lililofungwa, lisilouza hata msumari, linadaiwa 75,000 ileile kwa mwezi, maana adhabu inafuata usajili. Mtu anayesema "lakini sikuuza kitu" anasema kweli, ila hajajibu swali aliloulizwa.

Duka la Uyole

Sasa mfano. Nimeuunda kwa kuchanganya madaftari kadhaa na kuzungusha tarakimu, ili mtu asijione. Tuseme ni mama mwenye duka pale Uyole, karibu na njia panda ya kwenda Tukuyu. Anauza mabati, saruji, misumari na rangi, na upande wa pili mbolea na dawa za mimea kwa wakulima wa viazi. Biashara ni yake binafsi, si kampuni. Alisajiliwa VAT mwaka 2017 wakati ujenzi umepamba moto.

Mwaka 2020 mauzo yake ya vifaa vya ujenzi yalikuwa milioni 118, na mbolea milioni 60. Mwaka 2021 wajenzi walipungua, vifaa vikashuka hadi milioni 78. Lakini mbolea ilipanda hadi milioni 95. Hakuuza mifuko mingi zaidi. Bei ndiyo iliyopaa, kwani kufikia msimu wa 2021/2022 mfuko wa DAP wa kilo 50 ulishavuka laki moja, na ni hali hiyo iliyofanya Rais Samia aje hapa Mbeya Nane Nane ya 2022 kuzindua ruzuku ya mbolea. Ripoti zake za Z kwa mwaka 2021 zikasoma jumla ya milioni 173. Ukiitazama jumla hiyo, hajashuka popote. Ukitoa mbolea iliyosamehewa, amebaki na milioni 78 tu.

Kipimo cha miezi sita nacho tukakifanya. Wengi wangechukua Novemba hadi Aprili kwa kudhani ndio msimu, lakini huo ni msimu wa mbolea. Vifaa vya ujenzi kwetu hutembea wakati wa kiangazi, mvua zikiwa zimekatika na watu wameuza mahindi. Juni hadi Novemba 2021 vifaa vilifikia milioni 47. Nusu ya kiwango ilikuwa milioni 50. Amepona, lakini kwa kuchungulia. Wakitokea wateja wawili wakubwa wa mabati katika miezi hiyo sita, angekuwa bado anatakiwa kusajiliwa hata kama mwaka mzima haukufika mia.

Kwa hiyo Januari 2022 mama huyu alikuwa na haki kamili ya kuomba afutiwe. Kama angepeleka ombi wakati huo huku akiendelea kuwasilisha ritani, nisingekuwa na cha kuandika. Yeye aliambiwa na mtu dukani kwamba akishuka chini ya milioni mia VAT "inakatika". Akaacha ritani. Ritani ya Januari 2022, iliyotakiwa kufika Februari 20, haikwenda. Hazikwenda na zilizofuata.

Alifika kwetu Machi 10, 2023. Ritani ambazo muda wake ulishapita zilikuwa za Januari 2022 hadi Januari 2023, yaani kumi na tatu. Ile ya kwanza ilikuwa imechelewa miezi kumi na miwili na sehemu ya wa kumi na tatu, kwa hiyo inahesabiwa kumi na tatu. Iliyofuata kumi na mbili, nyingine kumi na moja, hivyo hivyo mpaka ya Januari 2023 yenye mwezi mmoja. Jumlisha 13 na 12 na 11 mpaka 1, unapata miezi 91 ya adhabu. Zidisha kwa 75,000: shilingi 6,825,000. Kama duka lingekuwa kampuni, miezi ileile 91 kwa 225,000 ingefika 20,475,000.

Asilimia 2.5 haikuingia kabisa. Ili ishinde 75,000, kodi ya mwezi isiyolipwa lazima ivuke milioni 3, na yeye hajawahi kuikaribia.

Mashine ilikuwa inasema nini

Hapo ndipo aliposema tuombe tarehe ya nyuma, Januari 1, 2022. Hoja yake haikuwa ya kipuuzi. Siku hiyo alikuwa chini ya kiwango kwa vipimo vyote, na kama usajili ukihesabiwa umekufa siku hiyo, basi ritani zile kumi na tatu hazikuwa zinadaiwa na adhabu ya 6,825,000 inaondoka yote. Mtu yeyote angevutiwa.

Kabla sijajibu nilimwomba risiti. Risiti moja tu ya Agosti 2022, yoyote, ile karatasi nyembamba inayofifia ukiiacha kwenye jua. Akatoa moja ya mabati. Juu ina TIN yake na VRN yake. Chini, kwenye mstari wa kodi, ina VAT ya asilimia 18.

Yeye aliacha ritani, lakini mashine haikuacha kitu. Hakuna fundi aliyeibadilisha, kwa hiyo kwa miezi yote kumi na tatu iliendelea kutenga VAT kwenye kila bati na kila mfuko wa saruji, ikituma taarifa TRA kila siku. Mauzo ya vifaa katika miezi hiyo yalikuwa milioni 75 bila kodi, na VAT iliyochapwa kwenye risiti ni milioni 13.5. Wateja walilipa fedha hiyo. Baadhi yao ni makandarasi waliosajiliwa, ambao walishaitumia kudai kodi ya manunuzi, yaani VAT waliyoilipa wakinunua, upande wao.

Upande wa manunuzi, alinunua kwa wauzaji wa jumla waliosajiliwa, na risiti zao zina VAT ya milioni 11.7. Akibaki msajiliwa kwa miezi hiyo, anawasilisha ritani zilizochelewa, anatoa 11.7 kwenye 13.5, na kodi halisi anayodaiwa ni milioni 1.8.

Akifutiwa kuanzia Januari 1, 2022 mambo yanageuka. Asiyesajiliwa hana pa kudai kodi ya manunuzi, kwa hiyo ile milioni 11.7 inageuka kuwa gharama yake. Na VAT aliyoikusanya kwa jina la kodi haiwi faida yake kwa sababu tu usajili umefutwa kwa tarehe ya nyuma. Ilichapwa kama kodi, ililipwa kama kodi, na itadaiwa yote, milioni 13.5.

Kuna na stoo. Usajili unapofutwa, bidhaa zilizobaki ambazo ulishadai kodi yake ya manunuzi huhesabiwa kana kwamba umeziuza siku hiyo, na unalipia VAT yake. Mantiki yake ni nyepesi: ulirudishiwa kodi kwa sababu ungeziuza ukiwa ndani ya mfumo, sasa unatoka nazo nje. Januari 2022 stoo yake ya vifaa ilikuwa ya milioni 15, kodi yake milioni 2.7. Machi 2023 ilikuwa imebaki ya milioni 9, kodi yake milioni 1.62.

Weka njia mbili kando kwa kando. Tarehe ya nyuma: 13.5 na 2.7, jumla milioni 16.2. Kufutiwa sasa na kulipia yaliyopita kama msajiliwa: kodi 1.8, stoo 1.62 na adhabu 6.825, jumla milioni 10.245, bila riba. Tofauti ni karibu milioni sita, na anayeumia ni yule aliyekubaliwa ombi lake.

Mtu anaweza kubisha hapo kwamba stoo ya Januari 2022 iliuzwa baadaye kwa risiti zenye VAT, kwa hiyo kuidai mara mbili si haki. Ni hoja nzuri, na mimi ningeipigania. Lakini hata ukiishinda yote, umebaki na 13.5 dhidi ya 10.245.

Kuna tofauti nyingine ambayo kwangu ni nzito kuliko tarakimu zenyewe. Katika njia ya pili, 6,825,000 ni adhabu, na sheria inamruhusu Kamishna Mkuu kusamehe adhabu na riba akiona kuna sababu ya msingi. Kodi yenyewe haisameheki kwa njia hiyo. Hata ule msamaha maalumu wa 2018, uliofuta riba na adhabu mpaka asilimia mia moja, uliwataka watu walipe kodi ya msingi. Kwa hiyo tarehe ya nyuma inabadilisha deni linaloweza kupunguzwa kuwa deni lisilopungua. Nilipomweleza hivyo mama alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama tunaweza kuichana ile risiti. Alikuwa anatania, nadhani.

Tulichofanya

Kwanza tuliwasilisha ritani zote kumi na tatu, kuanzia ya zamani zaidi, kwa siku chache. Kila ritani inapoingia, saa ya adhabu yake inasimama, ndiyo maana hupaswi kusubiri mpaka ombi la msamaha lijibiwe. Ukikaa mwezi mmoja ukibishana huku ritani kumi na tatu hazijakwenda, umejiongezea miezi kumi na tatu ya adhabu, karibu milioni moja. Hatari nyingine ya kuchelewa ni makadirio: ritani isipokuwepo, Kamishna anaweza kukadiria kodi mwenyewe, na makadirio hayo yanaona mauzo ya mashine yako vizuri kuliko yanavyoona manunuzi yako.

Kazi ngumu ilikuwa risiti za manunuzi. Haki ya kudai kodi ya manunuzi ina kikomo cha miezi sita, na kwa ritani zilizochelewa hapo ndipo ubishi na afisa huwa mkali. Ilibidi kila risiti iwekwe kwenye mwezi wake hasa, ithibitishwe, na ilandane na mzigo ulioingia stoo. Yeyote atakayesimama hapo na boksi la karatasi zilizochanganyika, milioni 11.7 yake itanyauka. Zikikataliwa nyingi, hata ulinganisho wangu wa hapo juu unabadilika, kwa hiyo fanya hesabu baada ya kuhakiki risiti, siyo kabla.

Ritani ya Februari 2023, ambayo muda wake ulikuwa bado, ilikwenda kabla ya Machi 20. Inaonekana ni jambo dogo, lakini ombi la msamaha kutoka kwa mtu aliyekosa tena ritani wiki iliyopita halina uso.

Kisha tukalipa kodi ya msingi, milioni 1.8. Riba juu yake inafuata kiwango cha Benki Kuu na hulimbikizwa kila mwezi, kwa hiyo kodi ikikaa nayo inakua.

Ndipo tukaandaa mambo mawili kwa barua mbili tofauti. Ya kwanza ni ombi la kufutiwa usajili kuanzia mwisho wa mwezi uliokuwa unaendelea. Tuliambatanisha jedwali la miezi 24, mwezi kwa mwezi, safu moja ya vifaa na nyingine ya mbolea, na ripoti za Z zinazolandana nalo. Bila mgawanyo huo afisa angesoma jumla ya milioni 173 na kufunga jalada. Tuliweka pia orodha ya stoo iliyohesabiwa siku moja, ikiwa na bei za kununulia, na maelezo mafupi ya kwa nini hatarajii kuvuka kiwango katika miezi 12 ijayo. Hilo la mwisho husahaulika. Mwaka mmoja mbaya hautoshi kama una mkataba wa kupeleka saruji kwenye shule tano mwaka ujao, maana sheria inatazama pia mauzo yanayotarajiwa.

Ya pili ni ombi la kusamehewa adhabu. Humo hatukuandika "sikujua sheria", kwa sababu kila mtu huandika hivyo. Tuliandika kwamba tangu Januari 2022 alikuwa chini ya kiwango kwa vipimo vyote viwili, kwamba mashine haikuzimwa hata siku moja, kwamba kodi yote imeshalipwa, na kwamba adhabu ni karibu mara nne ya kodi yenyewe. Ule ushahidi wa kushuka, ambao haukufaa kwa tarehe ya nyuma, ulifaa sana hapa.

Usipoafiki uamuzi, pingamizi linapelekwa kwa Kamishna ndani ya siku 30 tangu upokee, na kwa kawaida unatakiwa uwe umelipa theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa au kiasi usichobishia, kilicho kikubwa. Baada ya hapo ni Bodi ya Rufani za Kodi. Kwa duka la Uyole hatukufikiri safari hiyo ingelipa nauli.

Nani aombe tarehe ya nyuma

Wapo wanaofaa. Chukua kampuni ndogo ya kupasua mbao Mafinga, iliyokosa magogo na kuzima mashine zake zote Mei 2022, ikajulikana TRA Machi 2023. Haijatoa risiti hata moja tangu Mei, EFD imekaa kimya, haijadai kodi ya manunuzi, mbao za stoo ziliisha kabla ya kufunga. Hapa hakuna VAT mkononi mwa mtu. Kilichopo ni adhabu tupu kwa kiwango cha kampuni, inayopanda ngazi ileile. Kwake tarehe ya nyuma inaondoa adhabu bila kufufua deni jingine, na ombi lina miguu: ukimya wa mashine unaonekana kwenye mfumo, umeme wa kiwandani ulishuka kwenye bili, wafanyakazi waliachishwa kwa barua zenye tarehe. Bado tarehe ni ya Kamishna kuikubali, lakini kila karatasi inaelekeza siku moja.

Ngumu zaidi ni yule wa katikati, aliyemwita fundi akabadilisha mashine isichape VAT wakati usajili bado uko hai. Yeye hakukusanya kodi kwa mteja, kwa hiyo tarehe ya nyuma ingemsaidia mno. Lakini ikikataliwa, ataambiwa alipaswa kutoza, na bei aliyouzia itahesabiwa kuwa ilikuwa na VAT ndani yake. Milioni 75 za namna hiyo zina kodi ya milioni 11.44, yaani 75 mara 18 gawanya kwa 118. Huyu ndiye ambaye tarehe kwenye notisi inamwamulia kila kitu, na ndiye ningemshauri asiandike barua peke yake.

Kiwango kilipopanda hadi milioni 200 Julai 2023, kundi jipya likazaliwa: wenye mauzo ya milioni 120 au 150 ambao hawakushuka kabisa, kiwango ndicho kilichopanda juu ya vichwa vyao. Wengi walisikia tangazo redioni na kuacha ritani mwezi uleule. Kwao kila kitu nilichoandika kinabaki vilevile, isipokuwa hawawezi kudai tarehe yoyote kabla ya Julai 1, 2023.

Notisi inapofika, kazi ya siku hiyo ni ya mikono. Hati ya usajili inarudishwa. Fundi wa wakala wa EFD anabadilisha mashine siku ileile, siyo wiki ijayo, kwa sababu risiti moja yenye VAT baada ya tarehe hiyo inakurudisha kwenye tatizo la risiti ya mabati. Mashine yenyewe inabaki, maana kutoka VAT hakukuondoi kwenye EFD. Ritani ya mwisho inakwenda pamoja na kodi ya stoo. Madaftari yanakaa miaka mitano.

Na bei zinapangwa upya. Bati alilolinunua kwa 30,000 na VAT 5,400 sasa linamgharimu 35,400 zote, hakuna kinachorudi. Mkandarasi aliyesajiliwa atauliza kama risiti ina VAT, akisikia haina atavuka kwenda Mwanjelwa.

"Huyo wa Mwanjelwa," mama aliniuliza akiwa mlangoni, "yeye ametoka VAT?"

"Hapana, mama. Yupo ndani."

Akasema atafikiria.

Barua ya kufutiwa usajili ilikuwa haijaondoka mezani kwangu bado, na nikaishikilia mpaka Jumatatu.